Karatasi ya Mama Kando ya Ruta

Karatasi nzuri ya kumsaidia mzazi mzee kuzima na kuwasha ruta haianzi na ruta. Inaanza na simu. Mtoto aliye Mwanza akimpigia mama yake aliye Tanga kwa WhatsApp, huenda sauti zao zinapita kwenye ruta hiyohiyo wanayotaka kuizima. Mama akibonyeza swichi, simu inakatika palepale, naye anabaki peke yake mbele ya kifaa kilichozimwa, hajui kama asubiri, awashe au apige tena. Ndiyo maana mstari wa kwanza unataka simu ya kawaida, ile inayokula dakika, na spika iwashwe ili mikono yote miwili iwe huru.

Kuzima na kuwasha kwenyewe si kazi kubwa. Ugumu ni kwamba anayejua haoni, na anayeona hajui. Mtoto haoni meza, waya wala taa; anachopata ni sauti ya mama tu. Karatasi inawapa maneno ya pamoja. Nakala moja inabandikwa ukutani karibu na ruta, nyingine inakaa kwenye simu ya mtoto, na kila mstari una namba yake. Mtoto akisema "mama, tupo namba 4", wote wawili wanajua wamefika wapi.

Orodha za namna hii zimewasaidia hata mabingwa. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, iliyotolewa mwaka 2008, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kuwa vifo baada ya upasuaji katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari wale walikuwa wanajua kazi yao. Orodha iliwazuia tu wasiruke hatua ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameshaifanya.

Kwa mzee anayeshika ruta, orodha inayofaa ni ile ya kusoma kisha kutenda: unasoma mstari mmoja, unafanya, unasema ulichokiona, ndipo unasogea. Karatasi ikijaa maelezo atapotelea njiani. Hii hapa inatosha nyumba nyingi zenye intaneti ya faiba:

1. Simu ya kawaida, si ya WhatsApp. Washa spika.
2. Mikono mikavu. Kaa kwenye kiti. Radi ikipiga, tunaacha.
3. Je, umeme upo? Washa taa ya chumbani uone.
4. Soma taa za ruta kutoka kushoto. Kila moja: imewaka, imezima, au inapepesa? Iliyoandikwa LOS ikiwaka au kupepesa, tunaishia hapa.
5. Zima swichi yenye utepe wa kijani. Je, taa zote za ruta zimezima?
6. Tuhesabu pamoja hadi 30.
7. Washa swichi ileile. Usiguse kitu kwa dakika 5.
8. Soma taa tena kutoka kushoto.

Chini yake, kwa herufi nene zaidi: USIGUSE waya mwembamba wenye utepe mwekundu. USIBONYEZE kitobo cha RESET. Mgeni akipiga simu akitaka tufanye haya, kata simu, unipigie mimi.

Mstari wa pili unaonekana mdogo, lakini ndio unaobeba hatari halisi. Ruta yenyewe hupokea umeme mdogo, kwa kawaida volti 12, unaopunguzwa na adapta. Upande wa ukutani ni volti 230, na huko ndiko mzee hatakiwi kuchomoa plagi akiwa ameinama nyuma ya kabati. Soketi nyingi za Tanzania na Kenya ni za matundu matatu na zina swichi yake, kwa hiyo hakuna haja ya kuvuta chochote: anabonyeza swichi tu. Kama adapta imekuwa moto kiasi cha kutoshikika, kama kuna harufu ya kuungua au soketi imebadilika rangi, haguswi mtu wala kitu, anaitwa fundi umeme. Kama ruta ipo juu ya kabati au swichi ipo mahali pa kupanda kigoda, kazi hiyo haifanywi kwa simu hata kidogo. Intaneti inaweza kusubiri hadi jirani arudi kazini, lakini nyonga ya mzee ikivunjika ni jambo zito.

Utepe wa kijani una sababu yake pia. Kwenye nyumba nyingi ruta, televisheni, friji na chaja vimerundikana kwenye ekstensheni moja. Mama akizima swichi isiyo yenyewe, anaweza kuzima friji iliyohifadhi insulini bila kujua, na taarifa ikapatikana kesho yake. Kipande cha utepe kwenye swichi ya ruta, na kingine kwenye adapta yake, vinaondoa kubahatisha.

Mstari wa nne ndio kiini cha karatasi nzima, na ndio ambao watoto wengi huuharibu kwa kuuliza vibaya. Mtoto akiuliza, "Mama, taa ya intaneti inawaka, siyo?" mama atajibu "ndiyo." Atajibu hivyo kwa upole, au kwa kuwa haoni vizuri na hataki kuchosha, au kwa kuwa kweli kuna taa fulani inayowaka. Swali linalofaa ni lile lisiloweza kujibiwa kwa ndiyo: "Mama, naomba unisomee, taa ya kwanza kushoto ikoje?"

Rangi nazo zisitegemewe peke yake. Kadiri miaka inavyosonga, kioo cha ndani ya jicho huingia unjano, na mwenye mtoto wa jicho hupata shida zaidi, hata bluu na kijani zikafanana. Taa za ruta zenyewe ni nukta ndogo sana. Ni afadhali kuulizia nafasi na tabia: ya ngapi kutoka kushoto, na je imewaka, imezima au inapepesa. Siku ya kuandaa karatasi, mtoto aipige picha ruta ikiwa nzima, aiweke kwenye simu yake, na achore kwenye karatasi ya mama mstari wa vidoti vinavyolingana na taa hizo.

Sasa taa zenyewe zinasema nini? Kwenye ruta ya faiba nne tu ndizo za kuangaliwa. POWER ni ya umeme. PON huonyesha kama kifaa kimeshikana na mtambo wa kampuni kupitia faiba. Ikitulia imeshika, ikipepesa bado inatafuta. LOS ni onyo: huwaka au kupepesa, mara nyingi kwa rangi nyekundu, pale mwanga unaopita ndani ya faiba usipofika. INTERNET huwaka pale nyumba inapokuwa imeruhusiwa kutoka nje kwenye mtandao. Baadhi ya ruta hutumia vichoro badala ya maneno, na mpangilio hutofautiana, ndiyo sababu nyingine ya kuhitaji ile picha.

Taa ya LOS ikiwaka, orodha inakoma. Faiba ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na taa hiyo ina maana kwamba uzi umekatika mahali, umekunjwa kupita kiasi au umechomoka. Huenda lori limeng'oa waya nguzoni, au mtu amesogeza meza ikaubana ukutani. Kuzima na kuwasha hakuungi kioo kilichokatika. Kitu cha kufanya ni kupiga simu kwenye kampuni na kuwaambia, kwa maneno hayohayo, kwamba taa ya LOS inawaka. Wala mama asijaribu kuchomoa waya huo na kuurudisha: ncha yake ikiingia vumbi au alama ya kidole inapoteza mwanga, na mwanga unaopita ndani yake hauonekani kwa macho lakini si wa kutazamwa. Huo ndio waya wa utepe mwekundu.

Kutoka hapo ndipo kazi ya kuzima inapoingia. Ruta ni kompyuta ndogo inayokesha kwa wiki na miezi. Kila simu na kila televisheni inayofungua ukurasa huacha kumbukumbu ya muda ndani yake, na wakati mwingine kumbukumbu hiyo hujaa au programu hukwama. Wakati mwingine anwani iliyoazimwa na kampuni inakuwa imekwisha muda na ombi la mpya halikujibiwa. Ikizimwa, vyote hivyo vinafutika. Ikiwashwa inaomba anwani upya kana kwamba imefungwa leo.

Zile sekunde 30 hazikuwekwa kwa mazoea tu. Ndani ya ruta na adapta kuna kapasita, vipande vinavyohifadhi chaji kwa muda mfupi baada ya umeme kukatwa. Mtu akizima na kuwasha kwa haraka, sehemu ya kumbukumbu inaweza isifutike, na ugonjwa ukarudi na mgonjwa wake. Kuhesabu kwa sauti, wote wawili, kunamzuia mama asiwashe akiwa namba 10 na kunampa mtoto hakika kwamba muda umetimia. Dakika tano za baadaye ndizo ngumu zaidi. Ruta nyingi huchukua dakika mbili hadi tano kurudi, na taa hupepesa kwa namna ya kutia wasiwasi. Huo ndio wakati wa kuulizana habari za majirani na wajukuu, maana mzee aliyenyamaza mbele ya taa zinazopepesa atataka kusaidia, na atabonyeza kitu.

Kitu anachoweza kubonyeza ni kile kitobo cha RESET. Wengi hudhani ni namna nyingine ya kuzima na kuwasha. Sivyo. Ukikishikilia kwa sekunde kama 10, ruta husahau kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani: jina la waifai, nywila, na mara nyingi hata jina la akaunti inayoiunganisha na kampuni. Hapo simu zote za nyumbani zinapaswa kuunganishwa upya, na huenda fundi akalazimika kuja. Kipande cha plasta juu ya kitobo hicho ni kinga ya bei rahisi sana.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama wa miaka 76 anaishi Tanga, mwanawe yuko Mwanza. Ni saa moja jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo televisheni inazunguka tu, haifungui."

Kabla ya kugusa karatasi, mwana anauliza kama na simu yake mama imekataa kwenye waifai. Imekataa. Swali hilo ni la lazima: kama simu ingefanya kazi, kosa lingekuwa la televisheni, na ruta ingeachwa ipumzike. Mwana pia anatazama malipo ya mwezi, ambayo huyalipa mwenyewe kwa simu, yapo sawa. Wanaanza. Spika imewashwa, mama ameketi, taa ya chumbani inawaka, LUKU ina uniti.

"Naomba unisomee kutoka kushoto, mama."

"Ya kwanza imewaka. Ya pili imewaka. Ya tatu imezima. Ya nne imezima."

Mwana anatazama picha yake: POWER imewaka, PON imewaka, LOS imezima, INTERNET imezima. Hakuna mpangilio unaofaa kuwashwa upya kuliko huu. Umeme upo, faiba ni nzima, lakini nyumba haijaruhusiwa kutoka nje. Wanaingia namba 5.

"Nimezima. Lakini mbona taa bado zinawaka?"

Hapo ndipo swali dogo la mwisho wa mstari linapolipa. Mwana anauliza kwanza kama swichi ina utepe wa kijani. Inao. Anamwomba mama aufuate kwa macho tu waya unaotoka kwenye ruta, bila kuuvuta, amwambie unaishia wapi. "Umeingia kwenye kiboksi cheusi chenye taa ya kijani." Ni betri ndogo ya akiba, ile ambayo nyumba nyingi zimefunga ili intaneti isikatike umeme unapokatika. Mpwa aliileta na hakusema. Swichi ya ukutani ilikatwa, betri ikaendelea kuilisha ruta. Mama angehesabu hadi 30 mbele ya kifaa kisichozimika, intaneti isirudi, na wote wawili wangeamini ruta imeharibika.

Betri hiyo ina kitufe chake cha kuwasha na kuzima. Mama anakibonyeza na kukishikilia hadi taa ya kiboksi izime. "Zote zimezima sasa." Wanahesabu. Anawasha swichi ya ukutani, kisha kitufe cha kiboksi, na kukaa. Wanazungumza habari za mvua na za shangazi aliyelazwa. Dakika ya nne inapokaribia kwisha, mama anasoma bila kuombwa: ya kwanza imewaka, ya pili imewaka, ya tatu imezima, ya nne imewaka. Televisheni inafungua.

Usiku huohuo mwana anarekebisha nakala yake: namba 5 sasa ina swichi na kiboksi, na juu ya karatasi kuna tarehe mpya. Mpwa anatumwa abandike utepe wa kijani kwenye kitufe na kubadilisha karatasi ya ukutani. Kwenye nyumba yenye vifaa viwili, kimoja cha faiba na kingine cha waifai, hurekebishwa vivyo hivyo: vyote viwili vinazimwa, cha faiba kinawashwa kwanza hadi taa zake zitulie, ndipo kinafuata cha waifai.

Ziko siku ambazo namba zote nane zitafuatwa vizuri na bado intaneti haitarudi. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kwa takribani saa sita kwa kosa lililotokea ndani ya kampuni yenyewe. Hakuna ruta ya Tanga wala ya Nairobi iliyokuwa na hatia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania na nchi kadhaa za Afrika Mashariki ikadorora vibaya. Dalili ya siku kama hizo ni taa zote kuwa kama kwenye picha huku kurasa hazifunguki. Mtoto aliye mbali anaweza kuhakikisha kwa kujaribu huduma hiyohiyo kwake na kuuliza wenzake. Kwa ruta inayotumia laini ya simu badala ya faiba, dalili kama hiyo mara nyingi ina maana kwamba kifurushi kimeisha, na tiba yake ni kununua kingine.

Kwa sababu hiyo kuwekwe kikomo: kuzima na kuwasha mara mbili, basi. Baada ya hapo ni kuwapigia kampuni. Namba yao ya huduma, jina la mwenye akaunti na namba ya mteja viandikwe nyuma ya karatasi. Nywila isiandikwe hapo. Matapeli hupiga simu wakijitambulisha kuwa mafundi wa mtandao, wakimwomba mzee awasomee namba iliyo kwenye kibandiko cha ruta au ile iliyoingia sasa hivi kwa ujumbe mfupi. Kuzima na kuwasha ruta hakuhitaji nywila yoyote wala namba yoyote ya siri, na hilo mama aambiwe waziwazi, ili anayeziomba ajitambulishe mwenyewe kwa kuziomba.

Kwa yeyote atakayekwenda nyumbani likizo hii: beba utepe wa kijani, utepe mwekundu, plasta na kalamu nene. Piga picha ruta ikiwa nzima. Andika karatasi kwa herufi kubwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, maana ile ya kufunikwa plastiki huakisi mwanga na kumsumbua mwenye macho dhaifu. Kisha toka, ukae chumba cha pili, umpigie mama simu, na umwache afanye kuanzia namba 1 hadi 8 huku wewe huoni kitu. Mstari atakaosita, huo ndio wa kuuandika upya kabla hujaondoka.